Mhuri wa Saa Hauamui Nani Alitangulia

Mifumo mingi inayotunza data kwenye mashine zaidi ya moja ina safu moja katika kila jedwali, mara nyingi ikiitwa `updated_at`, na sheria moja iliyojengwa juu yake: pale nakala mbili za rekodi zinapotofautiana, yenye saa ya mbele zaidi ndiyo halali. Sheria hii inaeleweka upesi, inaandikwa kwa mstari mmoja, na hupita majaribio yote yanayofanyika kwenye kompyuta moja. Hoja yangu ni kwamba sheria hiyo ina kasoro kwenye msingi wake, na kwamba kuzirekebisha saa hakuiondoi kasoro hiyo. Saa inafaa kumweleza binadamu takriban ni lini jambo lilitokea. Kuamua badiliko lipi lifute jingine ni kazi tofauti, na jibu lake hutoka kwenye swali jingine kabisa: aliyeandika alikuwa ameona nini alipoandika?

Tuchukue mfano wa rekodi moja ya mtoto kwenye mfumo wa afya unaofanya kazi hata pasipo mtandao. Mhudumu wa afya ya jamii ana simu iliyo mbele kwa dakika 4. Saa nne kamili asubuhi anaandika namba ya simu ya mama na kukosea tarakimu moja. Simu yake inaipa rekodi mhuri wa 10:04, kisha inaituma kwenye seva. Dakika mbili baadaye mama yuko mbele ya muuguzi kituoni. Kishikwambi cha muuguzi, ambacho saa yake ni sahihi, kimeshapokea rekodi hiyo. Muuguzi anamsomea mama namba, mama anasema sivyo, muuguzi anasahihisha na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mhuri wa sahihisho ni 10:02. Seva inalinganisha 10:04 na 10:02, inaona sahihisho ni la zamani, inalitupa. Hakuna ujumbe wa kosa popote. Kwenye usawazishaji unaofuata, kishikwambi kinarudishiwa namba ile ile yenye kosa. Muuguzi akirudia saa nne na dakika tatu, anapoteza tena. Akirudia saa nne na dakika tano, inakubali. Fundi atakayeitwa mchana ataijaribu mara kumi, itakubali mara kumi, na ataondoka akiamini kwamba muuguzi hakubonyeza vizuri. Hili ndilo linaloifanya hitilafu hii kuwa mbaya: inameza kazi ya mtu aliyekuwa sahihi, kisha inafuta ushahidi. Na hizo ni dakika 4 tu. Kama simu ingekuwa imewekwa mwaka wa mbele kwa makosa, rekodi ile ingekataa kila sahihisho kwa mwaka mzima. Kama kilichoandikwa na simu hiyo kingekuwa ni agizo la kufuta, kila rekodi ambayo ingeandikwa baadaye mahali pale ingemezwa na ufutaji ambao kwa saa za kweli ulishapita.

Saa hizi huachana kwa sababu za kifizikia ambazo hakuna programu inayoweza kuziondoa. Saa ndogo inayoendelea kutembea hata kifaa kikiwa kimezimwa hutegemea fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Fuwele ya kawaida huruhusiwa kiwandani kukosea sehemu 20 kwa kila milioni. Zidisha kwa sekunde 86,400 za siku, unapata sekunde 1.7 kwa siku, au karibu sekunde 52 kwa mwezi. Vifaa viwili vinaweza kukosea kuelekea pande tofauti, hivyo pengo kati yao likawa maradufu. Joto nalo lina sehemu yake. Fuwele za aina hii hutengenezwa ziwe sahihi zaidi kwenye nyuzi 25 hivi, na zikitoka hapo, kwa joto au kwa baridi, hupunguza mwendo. Upungufu wenyewe unakua kwa mraba wa tofauti ya joto, takriban sehemu 0.034 kwa milioni kwa kila nyuzi iliyopigwa mraba. Kifaa kinachokaa kwenye nyuzi 45 kimetoka nyuzi 20, kwa hiyo hupoteza sehemu 13.6 kwa milioni zaidi, yaani sekunde 1.2 nyingine kila siku. Hapo bado hatujahesabu betri iliyokwisha kabisa hata kifaa kikaamka na tarehe ya kiwandani, wala mtumiaji aliyezima saa ya kujiweka yenyewe na kuipanga kwa mkono.

Pingamizi la kwanza huwa hili: ndiyo maana kuna NTP. Ni kweli, itifaki hiyo aliyoibuni David Mills, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1985, ni kazi nzuri, na kila seva inapaswa kuitumia. Ila tuangalie inachoahidi. Mashine yako inauliza saa, seva ya muda inajibu, na mashine yako inapima muda wa kwenda na kurudi. Kwa kuwa haiwezi kujua ni kiasi gani cha muda huo kilitumika kwenda na kiasi gani kurudi, inachukulia kwamba safari mbili zililingana. Kwenye waya mfupi ndani ya jengo moja, dhana hiyo haina madhara. Kwenye mtandao wa simu uliolemewa, swali linaweza kufika kwa milisekunde 20 na jibu likarudi kwa milisekunde 180. Hapo itifaki itakosea kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani milisekunde 80, na haina njia ya kulijua kosa hilo kutoka ndani. Kisha kuna vifaa vilivyo nje ya mtandao, na hivyo ndivyo vinavyoandika mabadiliko yenye hatari kubwa ya kugongana. Kifaa kilichokaa wiki nzima bila mtandao hakijauliza saa kwa wiki nzima.

Isitoshe, kurekebisha saa kwenyewe huvuruga mpangilio. Programu ya kawaida ya NTP ikikuta kosa dogo huikokota saa polepole hadi ikae sawa, lakini kosa likizidi milisekunde 128 hivi na kudumu, huirusha saa moja kwa moja, hata kama ni kurudi nyuma. Mashine moja, peke yake, inaweza basi kuandika badiliko la pili kwa mhuri ulio nyuma ya badiliko la kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017 dunia iliongeza sekunde moja kwenye saa ya kimataifa, na programu ya kujibu maswali ya DNS katika kampuni ya Cloudflare, iliyoandikwa kwa imani kwamba muda haurudi nyuma, ilitoa saa moja kwa nyingine ikapata namba hasi, na baadhi ya maswali ya DNS yakakosa majibu. Lugha ya Go iliyotumika iliongezewa baadaye mwaka huo huo saa ya pili ya ndani, isiyorudi nyuma, kwa ajili ya kupima muda uliopita. Saa hiyo ndiyo inayofaa kupima kazi imechukua muda gani ndani ya mashine moja. Haifai kulinganishwa na ya mashine nyingine, kwa sababu kila moja inaanza kuhesabu mahali pake.

Wengine husema suluhisho ni saa bora zaidi, na wanaitaja Google. Mfano huo unawageuka. Katika hifadhidata yake ya Spanner, iliyoelezwa hadharani mwaka 2012, Google iliweka vipokezi vya GPS na saa za atomiki kwenye vituo vyake vya data. Baada ya gharama yote hiyo, mfumo wake wa saa haujibu kwa kutaja sekunde moja kamili. Hujibu kwa kutaja kipindi: sasa hivi ni kati ya hapa na hapa, kwa upana wa milisekunde chache. Na muamala unapokamilika, Spanner husubiri kwanza mpaka kipindi hicho cha shaka kipite ndipo iutangaze, ili muamala unaoanza baadaye usiweze kamwe kupewa mhuri wa nyuma. Wenye saa bora kuliko wote, basi, ndio wanaokiri wazi kiasi cha kosa lao na kulipia kukiri huko kwa kusubiri. Anayelinganisha `updated_at` za simu mbili za mfukoni hana kipimo cha kosa na hasubiri chochote.

Kama saa haiwezi, nini kinaweza? Leslie Lamport alilijibu swali hili mwaka 1978, na jibu lake linaanza kwa kubadilisha swali. Alisema tusiulize tukio lipi lilitokea mapema kwa saa ya ukutani. Tuulize tukio lipi lingeweza kuathiri jingine. Mambo mawili yaliyofuatana ndani ya mashine moja yana mpangilio. Kutuma ujumbe kunatangulia kuupokea. Kilichounganishwa kwa mnyororo wa hatua hizo kina mpangilio, na kisichounganishwa hakina, hata kama saa zinadai vinginevyo. Tukirudi kituoni: sahihisho la muuguzi linafuata kosa la mhudumu kwa sababu muuguzi aliisoma namba ya mhudumu ndipo akaibadilisha. Ukweli huo hautegemei saa ya simu wala ya kishikwambi. Ulikuwepo kwenye mfumo, ila mfumo haukuuandika popote.

Pale penye seva moja inayoshika nakala kuu, kuuandika kunahitaji safu moja tu ya namba kamili, tuiite `toleo`. Kila rekodi inatumwa kwenye kifaa pamoja na namba ya toleo lake. Kifaa kinaporudisha badiliko, kinataja toleo kilichoanzia. Seva inakubali tu kama toleo hilo ndilo la sasa:

```sql
UPDATE mtoto
SET simu_ya_mama = :namba_mpya,
    toleo = toleo + 1
WHERE id = 58 AND toleo = 7;
```

Hifadhidata itajibu idadi ya safumlalo zilizoguswa. Ikiwa ni 1, badiliko limeingia na rekodi sasa ni toleo la 8. Ikiwa ni 0, mtu mwingine ameshaandika tangu toleo la 7, na mfumo unalijua hilo papo hapo. Mhudumu angeandika juu ya toleo la 6 na kuzaa la 7; muuguzi, aliyelisoma la 7, angezaa la 8. Simu ingeweza kuwa mbele kwa dakika 4 au miaka 4, na matokeo yangekuwa yale yale. Kwenye HTTP utaratibu huu umeshasanifiwa: seva hutoa alama ya toleo kwenye `ETag`, mteja huirudisha kwenye `If-Match`, na zikitofautiana seva hujibu 412.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi lenye nguvu zaidi: kama seva ni moja, kwa nini isigonge mhuri wake yenyewe rekodi inapofika? Saa ni moja, hakuna cha kuachana. Pendekezo hili linaondoa tofauti ya saa lakini linaliacha kosa lenyewe palepale, kwa sababu linapanga kufika badala ya kupanga kuandika. Mhudumu anabadilisha kijiji cha mtoto Jumatatu akiwa nje ya mtandao. Jumatano muuguzi anapata taarifa mpya za familia na kuandika kijiji sahihi, na seva inaipokea siku hiyo hiyo. Ijumaa simu ya mhudumu inapata mtandao na kutuma badiliko la Jumatatu. Kwa mhuri wa kufika, Ijumaa ni baada ya Jumatano, na taarifa ya zamani inafuta mpya. Kwa namba ya toleo, simu inasema ilianzia toleo la 7 wakati seva iko kwenye la 8, na badiliko linasimamishwa kama mgongano. Nakubali kwamba namba haisemi nani kati ya wawili hao yuko sahihi. Kazi yake ni kukataa kujifanya inajua, ili uamuzi ufanywe na kanuni ya kazi au na mtu.

Pasipo seva moja yenye kauli ya mwisho, namba moja haitoshi, maana mashine mbili zinaweza kuzaa toleo la 8 kila moja kivyake. Hapo kila mashine inapewa kaunta yake, na rekodi inabeba kaunta zote kwa pamoja. Nakala yenye simu 3, kishikwambi 5 inaifuata kwa hakika nakala yenye simu 3, kishikwambi 4, kwa kuwa hakuna kaunta iliyo nyuma na moja iko mbele. Lakini simu 4, kishikwambi 4 ukiilinganisha na simu 3, kishikwambi 5, kila moja imezidi mahali fulani. Maana yake waandishi wawili hawakuonana, na hakuna nakala iliyo na haki ya kuifuta nyingine. CouchDB inafikia lengo hilo kwa njia nyingine: inatunza mti wa matoleo, na matawi mawili yanapotokea, inachagua moja kwa kanuni isiyogusa saa, kwanza lenye historia ndefu zaidi, na zikilingana, kwa kulinganisha alama za matoleo yenyewe. Tawi lililoshindwa halifutwi. Linabaki linasomeka mpaka programu ilitatue. Community Health Toolkit, programu huria inayotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya na Uganda, imejengwa juu ya CouchDB, kwa hiyo hili liko mikononi mwa wahudumu wetu tayari. Hatari yake ni kwamba mshindi aliyechaguliwa kwa kanuni hajachaguliwa kwa ukweli. Mfumo usioangalia kamwe orodha ya migongano yake umeitunza data ya aliyeshindwa bila kumfaidia mtu.

Saa hutusaliti pia mahali pa pili ambapo watu hawapategemei: kifaa kinapouliza seva, nipe kila kilichobadilika tangu nilipouliza mara ya mwisho. Hapa seva ni moja na saa ni moja, na bado rekodi hupotea. Katika PostgreSQL, `now()` hurudisha saa ambayo muamala ulianza, wala si saa uliyokamilika. Muamala ukianza 10:04:58 na kukamilika 10:05:02, rekodi yake inabeba mhuri wa 10:04:58. Kifaa kilichouliza 10:05:00 hakikuiona, kwa sababu ilikuwa haijakamilika. Mara ijayo kitauliza mabadiliko ya baada ya 10:05:00, na rekodi ile haitakuja kamwe. Kuweka namba za mfululizo badala ya saa hakutoshi kwa kuwa namba hugawiwa kabla ya muamala kukamilika: namba 42 inaweza kuonekana, kifaa kikaiweka alama kama mwisho wake, kisha 41 ikatokea nyuma yake. Linalohitajika ni mpangilio wa kukamilika. Kwa mfumo wenye maandishi machache, inatosha kila muamala ushike kufuli kwenye kaunta moja, uchukue namba, na uiachie kufuli unapokamilika, hivyo namba na ukamilishaji hufuatana. Kwa mfumo mkubwa, soma mabadiliko kutoka kwenye kumbukumbu ya hifadhidata yenyewe, ambayo hutoa miamala kwa mpangilio wa kukamilika kwake.

Najua jibu la wengi: yote haya ni kazi ya ziada, na mtumiaji hataki kuulizwa maswali ya migongano. Sehemu ya jibu ni kwamba maswali hayo ni machache kuliko yanavyoogopwa, ukiipanga data vizuri. Mmoja akibadilisha namba ya simu na mwingine kijiji, mfumo unaolinganisha sehemu kwa sehemu unaunganisha bila kuuliza. Dozi ya chanjo haipaswi kuwa safu inayofutwa na kuandikwa upya. Iwe tukio jipya lenye kitambulisho chake, linaloongezwa tu. Matukio mawili yaliyoongezwa hayagongani, yawe yamefika kwa mpangilio wowote. Kinachobaki ni watu wawili kubadilisha sehemu ile ile bila kuonana, na hapo kumuuliza mtu ndiyo kazi sahihi. Zipo pia data ambazo saa inazitosha, kama vile mara ya mwisho kifaa kuonekana mtandaoni, kwa sababu kuipoteza moja hakumwumizi mtu. Kosa ni kuifanya ruhusa hiyo kuwa kanuni ya data zote.

Wanaotaka vyote viwili, mpangilio unaoheshimu sababu na namba iliyo karibu na saa ya kweli, wana saa mseto iliyoelezwa na Sandeep Kulkarni, Murat Demirbas na wenzao mwaka 2014. Kila mashine inachukua kubwa zaidi kati ya saa yake na mhuri wa juu kabisa iliyowahi kuupokea, na kuongeza kaunta ndogo zinapolingana. CockroachDB inaitumia. Lakini nayo inahitaji mpaka, maana mashine moja iliyo mbele mno huwavuta wengine wote mbele pamoja nayo. CockroachDB kwa kawaida huruhusu tofauti ya juu ya milisekunde 500, na nodi inayokaribia kuuvuka mpaka huo ikilinganishwa na wenzake hujizima yenyewe. Hifadhidata inayochagua kuzima mashine kuliko kuendelea na saa isiyoaminika imetoa hukumu yake.

Kwa mwenye mfumo unaoendeshwa leo kwa `updated_at`, kazi ianze na kipimo. Kwenye kila usawazishaji, kifaa kitume saa yake ya sasa, seva iweke tofauti yake na saa ya seva kwenye jedwali, na kila rekodi ihifadhi saa ya kifaa kando na saa ya kufika. Kisha tafuta rekodi ambazo saa ya kuandikwa iko mbele ya saa ya kufika. Kila moja inaonyesha kifaa kilicho mbele. Kwenye seva za Linux zenye chrony, `chronyc tracking` itakuonyesha mashine inakimbia au inachelewa kwa sehemu ngapi kwa milioni. Kipimo hicho kitakuonyesha ukubwa wa tatizo, na hakitalitibu. Baada yake ongeza safu ya `toleo`, seva ikatae maandishi yaliyoanzia toleo la zamani, na uache mihuri ya saa ibaki kwenye skrini kwa ajili ya wasomaji. Muuguzi aliyesahihisha namba mbele ya mama anastahili mfumo unaokubali sahihisho lake, au unaomwambia wazi kwamba haukulikubali.